Paa, Tangi na Koki: Sola ya Nyumbani kwa Mchoro wa Kalamu

Mteja anayeingia dukani na kuuliza, "Sola ya kuwasha runinga ni shilingi ngapi?" anauliza maswali mawili kwa mpigo bila kujua. La kwanza ni runinga hiyo inavuta umeme kwa nguvu kiasi gani. La pili ni itawaka saa ngapi kwa siku. Muuzaji akijibu moja tu kati ya hayo, au akijibu yote kwa kumwaga ampea na volti, mteja ataitikia kwa kichwa na kuondoka na kile kilichojaa zaidi stoo. Miezi minne baadaye taa zinazimika saa tatu usiku na lawama zinaiangukia "sola" kwa jumla.

Mafundi waliozoea kazi hii vijijini hawaanzi na vifaa. Wanachukua kalamu na kipande cha boksi, wanachora nyumba ya bati yenye mfereji wa kuvunia maji ya mvua. Kando ya nyumba wanachora simtanki, na chini ya simtanki koki mbili tatu. Mtu aliyekulia Kongwa, Mpwapwa au Kitui hahitaji kuelezwa mchoro huo, kwa kuwa ameishi nao. Anajua kwamba bati dogo hujaza tangi polepole, kwamba tangi dogo hufurika mvua ikiwa kubwa, na kwamba koki ikiachwa wazi usiku, asubuhi hakuna maji.

Mfumo wa sola unakaa ndani ya mchoro huo karibu wote. Jua ni mvua, ila mvua inayonyesha kila siku mchana na kukatika kila jioni. Paneli ni bati linaloikinga. Waya ni mfereji na mabomba, na kama bomba, waya mwembamba na mrefu hupunguza kinachofika upande wa pili. Betri ni tangi. Kifaa kidogo chenye vitaa, ambacho mafundi wanakiita kontrola, kinafanya kazi ya boya: tangi likijaa, kinafunga. Usiku kinafanya kazi nyingine ambayo boya haliifanyi, nayo ni kuzuia umeme wa betri usirudi kwenye paneli zilizolala. Taa, simu na runinga ndizo koki.

Kuchora namna hii si kumdharau mteja. Katika chuo cha Barefoot College kilichoko Tilonia, jimbo la Rajasthan nchini India, wanawake wa vijijini kutoka nchi nyingi, Zanzibar ikiwemo, wamefundishwa kuunda na kutengeneza mitambo ya sola wakati wengi wao hawakuwahi kukaa darasani na hawakuwa na lugha moja na walimu wao. Walifundishwa kwa rangi za vipuri, kwa ishara za mikono na kwa kurudia kazi yenyewe. Chuo hicho baadaye kikawa na tawi Kinyasini, Unguja. Ikiwa rangi na ishara zinatosha kumfundisha mtu kuunganisha kontrola, mchoro wa tangi unatosha kumfundisha mtu kununua betri.

Hatua ya pili ni kutenganisha kasi na kiasi, na hapa mteja tayari ana kipimo mkononi. Anayetumia LUKU, au aliyewahi kupanga chumba chenye LUKU, anajua "uniti". Uniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Wati ni kasi ya maji yanayotoka kwenye koki. Wati-saa ni ndoo zilizojaa. Balbu ya wati 5 ikiwaka saa 5 imekunywa wati-saa 25. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa imekunywa 500, yaani sawa na balbu hiyo kuwaka siku 20. Mfano huu wa pasi na balbu unafungua macho kuliko maelezo marefu, kwa sababu mteja wengi hudhani pasi ni kitu kidogo kwa vile inatumika muda mfupi.

Chukua familia moja ya mfano nje kidogo ya Kongwa, nyumba ya vyumba vitatu, umeme wa gridi haujafika. Fundi anaandika kila kitu nyuma ya boksi lile lile. Balbu sita za wati 5, kila moja saa 5: wati-saa 150. Runinga ya inchi 32 yenye wati 40, saa 5: 200. King'amuzi cha wati 15, saa hizo hizo 5: 75. Sabufa ya wati 25, saa 3: 75. Simu nne, kila moja wati-saa 15 kwa siku: 60. Jumla ni 560. King'amuzi ndicho kinachosahaulika mara nyingi, kwa sababu watu huhesabu kile wanachokitazama na kuacha kile kinachokaa chini ya meza. Fundi anaongeza robo kwa ajili ya kinachopotea njiani, na familia inafikia wati-saa 700 kwa siku. Hata uniti moja haijatimia.

Sasa swali ni bati la ukubwa gani litakinga 700. Mteja akisoma "wati 100" nyuma ya paneli na kukumbuka kwamba jua linakaa angani saa 12, atazidisha na kupata 1,200 kwa siku. Ndiyo hesabu inayovunja ndoa nyingi kati ya mteja na fundi. Jua la saa moja asubuhi si jua la saa sita mchana. Fundi akichora nguvu ya jua kuanzia alfajiri hadi magharibi, anapata mlima: chini kabisa asubuhi, kilele saa sita, chini tena jioni. Mlima huo ukifikiriwa kama lundo la mchanga, ukasawazishwa kwenye sanduku lenye kimo cha jua kali la mchana, sanduku linakuwa na upana wa saa 5 hivi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo paneli ya wati 100 ingetoa 500.

Haitoi hata hizo. Namba iliyoandikwa nyuma ya paneli inafanana na 180 iliyoandikwa kwenye dashibodi ya daladala: ipo, lakini hakuna abiria aliyewahi kuiona ikifikiwa. Kiwandani paneli hupimwa chini ya mwanga mkali kabisa, huku yenyewe ikiwa na joto la nyuzi 25 tu. Juu ya bati la Kongwa saa saba mchana, paneli inaweza kupita nyuzi 60, na kwa kila nyuzi moja inayozidi 25 inapoteza karibu sehemu 4 katika 1,000 za nguvu yake. Kwa nyuzi 35 za ziada, wati 100 zinabaki kama 86. Ndiyo maana fundi mzuri haigandishi paneli kwenye bati bali huiinua kwa vyuma, upepo upite chini yake. Ukiongeza vumbi, waya na kile ambacho betri yenyewe hupoteza ikichajiwa, paneli ya wati 100 inaleta nyumbani wati-saa 350 hivi kwa siku ya kawaida. Familia ya 700 inahitaji wati 200, na fundi anayejali siku za mawingu ataweka 300.

Kwenye tangi, mchoro wa maji unaanza kudanganya, na fundi asipousahihisha hapo hapo atakuwa amempoteza mteja. Tangi la maji unaweza kulikausha hadi tone la mwisho na lisidhurike. Betri ya asidi haivumilii hilo. Ikizoeshwa kukaushwa kila usiku inakufa ndani ya miezi, wakati ikiachwa na nusu ya chaji inaweza kudumu miaka kadhaa. Dawa ya mchoro ni rahisi: fundi anapiga mstari mwekundu katikati ya simtanki na kusema kwamba chini ya hapo pachukuliwe kama hapana maji. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini kwa mstari ule mteja amenunua 600. Kwa familia yetu hazitoshi. Inahitaji angalau wati-saa 1,400 kwenye lebo ili ipate 700 za kutumia, yaani betri ya ampea-saa 120 hivi, na hapo haina akiba ya siku ya mawingu. Betri ya lithiamu, ambayo mstari wake mwekundu unakaa chini karibu na sakafu, ingetosha kwa ampea-saa 100. Bei yake dukani ni kubwa zaidi, lakini mteja anayelinganisha bei alinganishe kilicho juu ya mstari, si lebo na lebo.

Inveta haipo kwenye mchoro wa maji, na kuilazimisha iingie ni kuharibu mchoro. Umeme wa betri huenda upande mmoja kama maji kwenye mfereji. Umeme ambao runinga nyingi zimeutarajia huenda mbele na kurudi nyuma kama msumeno, mara 50 kwa sekunde. Inveta inabadili wa kwanza kuwa wa pili, na mfano wake wa karibu ni mashine ya kusaga. Unaleta mahindi, unaondoka na unga, na kidogo kimebaki kwenye mashine. Lakini hasara kubwa haiko hapo. Mashine ya kusaga ikiachwa inanguruma bila mahindi inaendelea kunywa dizeli, na inveta ikiachwa imewashwa bila kitu chochote kilichochomekwa inaendelea kunywa betri. Inveta inayotumia wati 8 ikiwa tupu itakula wati-saa 192 kwa siku, zaidi ya taa zote sita za familia ile. Kitendo cha kubonyeza swichi kabla ya kulala na kuiacha imezimwa hadi jioni inayofuata kina thamani inayokaribia paneli ya wati 50.

Mashine hiyo pia ina mdomo wa ukubwa maalumu. Inveta ya wati 500 haimezi pasi ya wati 1,000 hata betri ikiwa imejaa pomoni. Inalia na kuzima. Friji nayo inaleta mtego wake. Friji ndogo ya wati 100 inaonekana kuingia bila shida, lakini kompresa inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya hizo kwa kufumba na kufumbua. Ni mkokoteni uliozama mchangani: ukishaanza kwenda, mtu mmoja anatosha, lakini kuunyanyua pale ulipokwama kunataka watu wanne. Na hata inveta ikimudu kuianzisha, kompresa inayofanya kazi kama theluthi ya siku itakuwa imekunywa wati-saa 800, zaidi ya nyumba nzima. Friji haiongezwi juu ya mfumo wa taa na runinga. Inahesabiwa tangu mwanzo, au inasubiri tangi na bati vingine.

Kivuli ni mahali pengine ambapo bati na paneli vinatofautiana. Tawi la mwembe likifunika robo ya bati, maji yanapungua robo. Kwenye paneli, tawi hilo hilo linaweza kuangusha nusu ya umeme au zaidi. Hapa mafundi huachana na maji na kuwakumbusha watu ujenzi: vibarua waliopanga mstari wakipokezana matofali kwenda juu. Mmoja akisinzia, matofali ya mstari mzima yanakwama kwake, hata kama wengine wote wana nguvu. Ndani ya paneli kuna vipande vya giza vilivyounganishwa kwa mstari wa namna hiyo, na kipande kilichofunikwa ndicho kibarua anayesinzia. Paneli nyingi zimegawanywa katika makundi mawili au matatu yenye njia ya mchepuko, ili kundi lenye kivuli lirukwe, lakini kundi zima linakuwa limepotea. Kwa sababu hiyo paa hukaguliwa kabla ya kitu chochote kununuliwa. Fundi anasimamisha kijiti mahali paneli itakapokaa na kutazama saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri: kivuli cha kijiti kionekane, na kisiwepo kingine cha mti, antena wala tangi. Akumbuke pia kwamba jua linahama. Dar es Salaam jua la mchana hupita upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, kwa hiyo mti usio na madhara leo unaweza kuwa na madhara baada ya miezi sita. Katika sehemu zote za Tanzania, zikiwa kusini mwa ikweta, paneli huelekezwa kaskazini na kulazwa kwa mteremko mdogo tu wa nyuzi 10 hivi, unaotosha kuifanya mvua ioshe vumbi.

Mteja aliyeelewa bati na tangi anaweza kukagua bidhaa dukani kwa futi ya kupimia na mikono yake. Jua kali la mchana humwaga wati 1,000 hivi juu ya kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi hukinga kama sehemu moja kwa tano. Maana yake, mita moja ya mraba inatoa wati 200 au zaidi kidogo. Paneli yenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 50 ina sehemu ya mraba 0.3, haiwezi kuzidi sana wati 60. Ikiwa imeandikwa 150, kibandiko kinasema uongo na hakuna fundi atakayekigeuza kuwa kweli. Betri ya asidi nayo hujisema kwa uzito, kwa kuwa ndani yake ni risasi. Ya ampea-saa 100 huwa karibu kilo 30, mzigo wa kumfanya mtu mzima apinde magoti. Inayonyanyuliwa kwa mkono mmoja kama kapu la sokoni ina risasi pungufu, hata lebo ikiwa na dhahabu. Kipimo hiki hakihusu lithiamu, ambayo ni nyepesi kwa asili yake.

Mfumo ukishafungwa, matatizo mengi huonekana kwa dalili moja: taa zinazimika mapema. Chanzo kinaweza kuwa bati, tangi au koki, na kipimo cha volti cha bei ndogo kinatosha kuvitenganisha, kikitumika kama kijiti cha kupimia mafuta. Sharti ni betri ipumzike kwanza, bila kuchajiwa wala kutumika, kwa saa moja hivi, kwa sababu kipimo cha betri iliyotoka juani husoma juu kuliko ukweli na cha betri inayowasha runinga husoma chini. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.2 imefika kwenye mstari mwekundu wa nusu. Ikisoma 11.8 imekaushwa.

Kipimo kikichukuliwa jioni jua lilipokwisha zama, na kingine alfajiri kabla ya kuchomoza, hadithi inajieleza. Jioni ikiwa 12.3, tangi halikujaa mchana: paneli imechafuka, imepata kivuli, au haitoshi, na kununua betri mpya hakutasaidia chochote. Jioni ikiwa 12.7 na alfajiri 11.8, mtu ahesabu koki upya, kwani huenda kuna sabufa ya pili au inveta inayolala macho. Jioni ikiwa 12.7, matumizi yakiwa yale yale ya mwaka jana, lakini taa zinakufa saa mbili baada ya kuwashwa, basi tangi limejaa tope. Betri ya asidi iliyozeeka hupata utando mgumu juu ya risasi yake, na kama simtanki lililojaa tope chini, hujaa haraka na kuisha haraka. Familia huona kontrola ikionyesha kijani saa nne asubuhi na kufurahi kwamba jua lina nguvu, kumbe ni nafasi ndani ya betri iliyopungua. Hiyo ndiyo ya kubadilishwa. Kwa betri ya lithiamu kijiti hiki hakifai, maana volti yake hubaki karibu pale pale kuanzia inapokuwa na chaji nyingi hadi inapokaribia kuisha. Yenye hiyo hutegemea kioo cha betri au cha kontrola kinachohesabu kilichoingia na kilichotoka.